Begi la mtumba la lita 40 badala ya vyuma: uzoefu wangu

Nianze na hukumu kabisa: kwa pushapu, begi hili ni zuri kuliko nilivyotarajia. Kwa skwati ni la wastani, na nitaeleza kwa nini, maana tatizo si la begi.

Ni begi la mgongoni la wapanda milima, la lita 40, nililolipata soko la mitumba la Karume kwa shilingi 18,000 baada ya kuvutana na muuzaji. Wakati huo pushapu 30 zilikuwa zinapita bila jasho, na skwati ndio usiseme, nilikuwa nahesabu huku nawaza mambo mengine. Ukifika hapo, kuongeza idadi kunakujengea pumzi zaidi kuliko nguvu. Kinachohitajika ni uzito, na jimu ya karibu na kwangu inataka hela ya kila mwezi.

Kilichonifanya nichague hili na si begi la shule ni mikanda miwili midogo ambayo wengi hawaiangalii: wa kifuani na wa kiunoni. Begi la shule lenye kilo 5 tu linacheza mgongoni, na ukishuka kwenye pushapu linateleza mpaka linakugonga kisogo. Hili ukilifunga kiunoni kwanza, kisha ukavuta mikanda ya mabegani, halafu ukamalizia kifuani, linakaa kama limeshonewa kwenye fulana. Mkanda wa kifuani usiukaze sana. Vuta pumzi mpaka mwisho, na kama unaubana ubavu, ulegeze kidogo.

Mahali uzito unapokaa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mimi nina kilo 68. Kwenye pushapu ya kawaida mikono inabeba karibu theluthi mbili ya mwili, yaani kama kilo 44 kwangu, na zilizobaki zinaishia kwenye vidole vya miguu. Ukiweka kilo 10 katikati ya mabega, karibu zote zinakwenda mikononi. Kilo hizohizo zikishuka mpaka kiunoni, mikono inapata kama 7 tu, na kiuno kinaanza kubonyea kuelekea sakafuni. Kwa hiyo chini kabisa ya begi naweka blanketi lililokunjwa, ndipo napanga chupa juu yake, zikiegemea upande wa mgongo. Nafasi inayobaki naijaza taulo ili kisisogee kitu.

Kuhusu cha kujazia, chupa za maji za lita 1.5 zinatosha kuanzia, kwa sababu hesabu yake ni rahisi: lita moja ni kilo moja. Zijaze mpaka juu, la sivyo maji yanachezacheza na kukuyumbisha. Chupa ileile ukiijaza mchanga mkavu inakaribia kilo 2 na nusu, na hapo ndipo begi la lita 40 linapopata maana, kwani uzito unaongezeka bila begi kuvimba. Mchanga uanike juani kwanza, kisha zungushia kifuniko selotepu. Pakiti za unga sizishauri kabisa. Zinapasuka, na kuosha unga uliochanganyika na jasho ni adhabu. Kupima, panda kwenye mizani ukiwa umelivaa, kisha toa uzito wako.

Sasa jinsi ninavyopandisha uzito kwenye pushapu. Nafanya raundi tatu, mara tatu kwa wiki, nikipumzika dakika mbili hivi kati ya raundi. Nilianza na kilo 6, yaani chupa nne za maji. Lengo ni marudio kati ya 8 na 12. Kwa mfano, siku ya kwanza ya uzito mpya unaweza kupata 10, 9, 8. Hubadilishi kitu mpaka raundi zote tatu zifike 12, na zote ziwe safi. Zikifika, unaongeza chupa moja tu ya maji, na marudio yanashuka tena kwenye 8 au 9. Kuna wiki nyingine hakuna kinachoongezeka isipokuwa rudio moja kwenye raundi ya mwisho, na hayo ni maendeleo pia. Raundi naikata nikiona limebaki moja au mawili ya kulazimisha, sifiki mpaka nianguke.

"Safi" nayo lazima uipime, kwa sababu uzito ukizidi mwili unaanza kuiba. Wizi wa kwanza ni kushuka nusu. Dawa yake ni kuweka kandambili sakafuni chini ya kifua: kifua kisipogusa, rudio halihesabiki. Wizi wa pili ni kiuno kubonyea, na huo hauusikii mwenyewe. Simamisha simu pembeni ujirekodi raundi ya mwisho. Kama kiuno kimezama kabla ya mikono kuchoka, uzito ni mkubwa kwa tumbo lako hata kama kifua kinauweza, kwa hiyo toa chupa. Bega likichoma kwa mbele, angalia kama viwiko vimetanuka sana pembeni, na virudishe karibu na mbavu. Maumivu yakiendelea, acha uzito kwa muda.

Kuna mtego mmoja wa ziada. Wengine wanapenda kuinua miguu kwenye stuli ili pushapu iwe ngumu zaidi. Ukifanya hivyo ukiwa na begi, uzito wote unataka kuteremka kuelekea shingoni, na mkanda wa kiuno peke yake ndio unaouzuia. Kwa kilo 6 unavumilika. Ukishapita 10, mimi nachagua kimoja, miguu juu au begi.

Upande wa miguu sasa. Miguu tayari inabeba karibu mwili mzima kutwa nzima, kwa hiyo kilo 10 ni nyongeza ndogo kwake. Ili mapaja yachoke ungehitaji begi zito mno, na mabega yangelalamika kabla yake. Nilichofanya ni kuhamia mguu mmoja: mguu wa nyuma juu ya kiti, wa mbele hatua moja kubwa mbele, unashuka mpaka goti la nyuma likaribie sakafu. Sehemu kubwa ya uzito inaangukia mguu mmoja, na hapo kilo 6 zilezile zilizokuwa mzaha zinageuka kazi. Ukitaka skwati ya kawaida, geuza begi ulivae kifuani. Linakusaidia kukaa wima na kushuka chini zaidi bila visigino kunyanyuka.

Kasoro za begi lenyewe: mshono wa mkanda wa bega ulianza kuachia nilipofika kilo 15. Usisubiri ukatike ukiwa katikati ya rudio. Mpelekee fundi viatu ashone upya kwa uzi wa nta pale mkanda unapoungana na begi, juu na chini. Zipu nayo haipendi kushiba, hivyo tafuta begi la kufunga kwa kamba juu. Sponji ya mgongoni inanyonya jasho, na isipoanikwa inanuka vibaya mno.

Ningelinunua tena, lakini si zaidi ya elfu ishirini, maana fundi naye atataka zake. Na kama bado hujafikisha pushapu 20 za kifua kugusa kandambili, hiyo hela kaa nayo kwanza.