Nilifuta programu ya daftari la madeni, wateja wangu wakabaki ndani

Nina duka la leso na madira hapa Langoni, Lamu, na wateja wangu wengi huchukua kwa deni wakalipa mwisho wa mwezi. Mwaka jana niliacha daftari la karatasi nikaanza kuandika madeni kwenye programu ya simu, shilingi 450 kwa mwezi. Kwa kazi ya kuandika madeni sina lawama nayo. Nyota mbili nilizoipa ni kwa sababu ya yaliyonipata nilipotaka kutoka.

Kwanza niliifuta kwenye simu nikadhani yamekwisha. Mwezi uliofuata zikakatwa 450 tena. Kuondoa programu kwenye simu hakusimamishi malipo. Usajili unakaa kwenye akaunti yako ya Google. Nikaingia Play Store, nikabonyeza picha yangu, `Payments & subscriptions`, kisha `Subscriptions`, nikausitisha. Makato yakaisha na moyo ukatulia.

Hadi alipokuja dukani bi mmoja mtu mzima, simu mkononi. "Mwanangu, deni lile si nilikulipa kabla ya Ramadhani? Mbona waniandikia?" Nikaisoma ile simu: jina la duka langu, jina lake, shilingi 1,200, tafadhali lipa. Kweli alikuwa amenilipa, lakini wakati huo nilisharudi kwenye karatasi, kwa hiyo kule deni lilikuwa bado limesimama. Niliona haya mbele yake, kwa sababu namba yake niliitia mimi.

Nilipoiweka tena programu na kuingia, nilikuta wateja wote 63, namba zao na madeni yao. Kusitisha kulikuwa kumenishusha tu kwenye huduma ya bure, na vikumbusho vikaendelea kujituma vyenyewe. Kwenye mipangilio kulikuwa na `Deactivate`, na maelezo madogo chini yake yakisema ukiingia tena utavikuta vitu vyako vyote. Huko ni kufunga mlango na kuacha mali ndani. Google yenyewe inazitaka programu zenye akaunti ziweke njia ya kufuta akaunti, ndani ya programu na pia kwenye wavuti, na haihesabu kuzima kwa muda kuwa ni kufuta. Kiungo cha wavuti nilikipata kwenye ukurasa wa programu pale Play Store, sehemu ya `Data safety`.

Kabla ya kukibonyeza nilipakua orodha ya madeni, maana ikifutwa hairudi. Na kama usajili wako bado unalipiwa, usitishe kwanza. Kufuta akaunti ya programu peke yake huenda kusizuie Google kukata.

Baada ya kufuta niliwaandikia wenye programu barua pepe, kwa sababu akaunti kutoonekana kwako si ushahidi kwamba data imeondoka kwao. Data yangu mwenyewe niliidai ifutwe kwa kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, nikaambatanisha fomu ya kuomba kufutiwa, DPG 5, iliyo kwenye kanuni za 2021. Ya wateja niliidai ifutwe kama mwenye duka niliyewapa kazi ya kuihifadhi. Nikataja namba niliyojisajili nayo, nikawataka waiambie pia kampuni inayowatumia ujumbe, na wanithibitishie kwa maandishi. Kanuni zinawapa siku 14 kujibu.

Walijibu siku ya tatu wakitaka picha ya kitambulisho, pande zote mbili. Sikuituma. Hawakuwahi kuwa nayo, kwa nini niwaongezee data nikiomba waifute? Niliwaambia watume msimbo kwenye namba yangu ya usajili, wakakubali.

Siku ya 12 likaja jibu la maana: wateja wamefutwa, nakala za akiba zitafutika baada ya siku 30, lakini kumbukumbu za malipo yangu zinabaki miaka mitano kwa ajili ya kodi. Hilo la mwisho nililikubali. Haki ya kufutiwa haivunji wajibu ambao sheria nyingine imewawekea, na risiti ya 450 haina jina la mteja wangu yeyote. Wangekaa kimya ningelalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data; hutozwi kitu, na malalamiko yanatakiwa yaamuliwe ndani ya siku 90.

Nilipima kwa kubonyeza "nimesahau nywila" nikatia namba yangu. Ikasema hakuna akaunti hiyo. Sikujisajili upya kujaribu, kwa kuwa hapo ningekuwa nimefungua nyingine. Yule bi nilimpelekea habari nyumbani, nikamwomba aniambie ukija ujumbe mwingine. Mpaka leo, miezi miwili, haujaja.