Dawa ya mchwa nyumbani kwetu Tanga: nimelipa mara mbili, ya pili ndiyo iliyofanya kazi

Nyumba yetu iko Chumbageni, mjini Tanga. Marehemu babu aliijenga kwa matofali, paa la kenchi za mbao, na chumba kimoja cha mbele chenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi za matofali. Mama ndiye anayeishi humo. Naandika uzoefu huu kwa sababu nimelipia huduma ya dawa ya mchwa mara mbili, kwa kampuni mbili tofauti, na tofauti yao nimeiona kwa macho yangu.

Ilianza Oktoba 2022, mvua za vuli zilipoanza tu. Asubuhi mama alifagia mabawa ya kumbikumbi dirishani, mengi, akadhani wameingia kwa kufuata taa. Lakini dirisha lilikuwa limefungwa usiku kucha. Hiyo maana yake wametokea ndani ya nyumba. Nilipokwenda nikakuta nyuma ya fremu ya mlango njia ya udongo, upana wake kama penseli, imepanda ukutani hadi kwenye mtambaapanya, ile mbao inayolala juu ya ukuta na kubeba kenchi. Niliigonga kwa mpini wa bisibisi, ikalia kama debe tupu. Ncha ya bisibisi ikazama bila kusukumwa.

Kampuni ya kwanza, jina silitaji, walikuja vijana wawili na pampu ya mgongoni ya lita 20. Wakachanganya mara mbili, wakanyunyizia kuta kwa nje na udongo wa juu, wakamaliza kwa saa moja na nusu. Harufu ilikuwa kali, tukaridhika. Mwezi Machi mwaka uliofuata njia ya udongo ilikuwa imerudi, safari hii kando ya bomba la jikoni.

Fundi wa kampuni ya pili alikuja kukagua kabla ya kutaja bei. Alimwamkia mama, akaomba tochi na kisu, akazunguka nyumba kwa muda wa karibu saa mbili. Alivunja kipande cha ile njia katikati, kama urefu wa kidole, akaacha ncha mbili zilizobaki. Ndani kulikuwa na unyevu, na mchwa weupe wakikimbizana, askari wao wana vichwa vya kahawia. Akasema, "Dada, usipaguse hapa. Baada ya siku mbili tazama kama wameziba." Siku ya pili palikuwa pamezibwa kwa udongo mbichi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba njia kavu iliyobaki ukutani haikwambii kitu, ila ile inayokarabatiwa ina jeshi nyuma yake.

Kisha akapima mzunguko wa nyumba kwa futi kamba: mita 12 kwa 9, jumla mita 42. Akanieleza kwamba kizuizi cha dawa hukaa ndani ya udongo uliogusana na msingi, wala si juu ya ukuta, na kinahitaji takribani lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita moja ya ukuta kwa kina cha sentimita 30. Yaani lita 210. Mwaka uliopita tulimwagiwa 40, hazikufika hata lita moja kwa mita. Mchwa hawa wanaishi ardhini na wanatafuta upenyo. Dawa ya aina ya bifenthrini inawafukuza, lakini wakikuta kipande kidogo kisicholowa wanapita hapohapo. Yeye alitumia fipronili, ambayo mchwa hawaitambui. Wanapita ndani yake, wanaibeba mwilini na kuambukizana. Alinionyesha lebo na namba ya usajili wa TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kabla hajafungua chupa. Kwangu hilo peke yake lilitosha kumwamini.

Kazi ilifanyika Agosti 2023, kiangazi, kwa sababu udongo uliojaa maji ya mvua haunywi dawa. Walichimba mfereji kuzunguka nyumba, upana sentimita 15 na kina 30, wakamwaga dawa, kisha wakarudisha udongo kwa tabaka huku wakiulowesha. Barazani mbele, mita 9, kulikuwa na zege lililomwagwa baadaye likagusana na ukuta. Nyufa za mahali kama hapo, hata zile nyembamba zisizofika milimita moja, ndizo mlango wao. Walitoboa kwa drili matundu 30 ya milimita 12, kila moja umbali wa sentimita 30 na jingine, wakaingiza dawa kwa shinikizo, lita moja na nusu kila tundu, wakaziba kwa saruji. Kuzunguka bomba la jikoni vilevile.

Upande wa kisima ndipo heshima yangu kwao ilipozidi. Hawakumimina dawa pale. Walitoa udongo wote wa mfereji, wakauweka juu ya turubai mbali na kisima, wakauchanganya na dawa humo, wakauacha uinywe vizuri, ndipo wakaurudisha.

Kwa sakafu ya mbao walifanya kitu ambacho sikuwahi kukiona. Waliinua boriti za sakafu kwa jeki kidogo kidogo, wakalaza kipande cha bati bapa la zinki juu ya kila nguzo, kingo zikitokeza sentimita 5 kila upande na kupindwa kuelekea chini. Nguzo zilikuwa tisa. Bati hilo haliui mchwa. Linawalazimisha watoke hadharani na kujenga njia yao kwa kuuzunguka ukingo, mahali ambapo mtu mwenye tochi ataiona. Waliondoa pia vipande vya mbao vilivyotupwa chini ya sakafu tangu enzi za ujenzi. Mama hakuamini vilikuwa vingi vile.

Mtambaapanya ulioliwa, mita 4, tulibadilisha kwa mbao ya paini iliyotiwa dawa kiwandani, na kila ncha iliyokatwa ikapakwa dawa upya, maana msumeno unafungua moyo wa mbao ambao dawa haikufika.

Wiki mbili baadaye bado nilikuta mchwa hai, nikampigia fundi simu kwa hasira. Alinituliza kwamba dawa hii ni ya polepole. Kweli, kufikia wiki ya saba kila njia niliyoivunja ilibaki wazi, ndani vumbi tupu.

Jambo moja dawa ya udongo haikuligusa: kitanda cha zamani cha mama. Chini yake kulikuwa na chembe ngumu kama mbegu ndogo za ufuta, zenye pembe sita. Hicho ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu, ambao wanaishi ndani ya mbao yenyewe na hawahitaji ardhi. Fundi alisema hivyo siku ya kwanza kabisa, hakujaribu kutuuzia uongo. Ubao ulioliwa tuliuchoma moto.

Gharama ilikuwa shilingi 180,000 kwa wale wa kwanza na 720,000 kwa hawa, bila mbao. Nawapa nyota nne. Ile moja nimeizuia kwa sababu hawakutuachia karatasi yenye ramani ya mahali palipotiwa dawa, na hilo lilitugharimu. Januari 2024 binamu yangu alichimba kupitisha bomba jipya la maji kando ya ukuta wa nyuma, akatawanya ule udongo bila kujua. Mwezi wa nne njia mpya ikaanza kupanda palepale, urefu wa kiganja. Walirudi, wakatibu upya mita mbili, wakachukua shilingi 40,000. Sasa nimejichorea ramani mwenyewe, imebandikwa nyuma ya mlango wa stoo, na kila mwanzo wa vuli na masika napita na tochi chini ya sakafu, nguzo moja baada ya nyingine.