Vitabu vya hesabu kwa mtu mzima anayerudi shule na anayeogopa namba: kipi kinunuliwe kwanza

Usichague kitabu cha hesabu kwa jalada lake, kwa sababu majalada yote huahidi kwamba hesabu ni rahisi. Kifungue kwenye sura ya sehemu, pale wanapofundisha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, na usome ukurasa huo tu. Nafundisha watu wazima, na huo ndio ukurasa ninaopimia kila kitabu. Hapo ndipo wengi wao walipoachwa nyuma utotoni, na mwandishi asiyejua kufundisha hujulikana hapo hapo.

Chukua swali hili: 2/3 + 1/4. Katika kitabu kibaya utakuta mstari mmoja unaosema tafuta KDS, halafu jibu 11/12, halafu maswali ishirini ya kufanya mwenyewe. Msomaji mwenye hofu akikwama haelewi amekwamia wapi, maana hatua zote za katikati zimerukwa.

Kitabu kizuri huenda polepole. Kwanza kinaeleza kwa nini theluthi na robo hazijumlishiki zilivyo: vipande vyake havilingani ukubwa. Kisha kinatafuta ukubwa wa kipande unaozifaa zote mbili, yaani 12, kwa kuwa 12 inagawanyika kwa 3 na kwa 4. Kinaonyesha kwamba 2/3 ni 8/12, kiasi na asili vyote vikiwa vimezidishwa kwa 4, na kwamba 1/4 ni 3/12, vyote vikiwa vimezidishwa kwa 3. Ndipo 8 na 3 zinajumlishwa kupata 11/12.

Kitabu kizuri zaidi kinafanya jambo moja la ziada. Kinalitaja kosa ambalo karibu kila anayerejea hulifanya, la kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini na kupata 3/7, na kinamfundisha msomaji kulinasa mwenyewe. 2/3 peke yake inazidi nusu, na 3/7 haifiki nusu. Haiwezekani uongeze kitu halafu upate pungufu ya ulichoanza nacho. Mtu akishajua kulikagua jibu lake kwa namna hiyo, haogopi tena kama alivyokuwa, kwa sababu hasubiri mtu mwingine amwambie kama amepata au amekosa.

Hatua zilizoandikwa zina umuhimu wa pekee kwa mwenye hofu, na sababu yake inajulikana. Mwaka 2001 watafiti Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walionyesha kwamba hofu ya hesabu huila ile nafasi finyu ya akili tunamoshikilia namba tukiwa katikati ya kukokotoa. Athari yake ilionekana hasa kwenye hesabu za kubeba, kama 47 + 38, ambapo inabidi ukumbuke ile 1 huku ukiendelea na makumi. Ukurasa unaoandika kila hatua unamwondolea msomaji sehemu ya mzigo huo. Kabla ya hapo, mwaka 1985, John Sweller na Graham Cooper walikuwa wameona kwamba wanafunzi wa aljebra waliosoma mifano iliyokokotolewa yote walifanya maswali yanayofanana nayo kwa haraka na kwa makosa machache kuliko waliotupwa moja kwa moja kwenye maswali.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa kitabu cha mazoezi kilichoandikwa kwa ajili ya watu wazima, chenye mifano kamili na majibu yanayoonyesha njia. Angalia mambo mawili kabla ya kulipa. Baada ya mfano kamili, je, kuna maswali yaliyokokotolewa nusu ili msomaji amalizie hatua ya mwisho, kisha hatua mbili, kisha swali zima? Daraja hilo likikosekana, msomaji anaruka kutoka kutazama hadi kufanya peke yake. Pili, nenda kurasa za mwisho. Majibu yakiwa orodha ya namba tupu, aliyekosea hajui arudi wapi. Jaribio la kujipima mwanzoni mwa kitabu ni faida nyingine kubwa, maana linamwelekeza kwenye sura ya kuanzia badala ya kumpitisha tena kwenye kurasa za kujumlisha anazozimudu.

Nafasi ya pili ni vitabu vya hesabu za maisha: bajeti, vipimo, kusoma jedwali, punguzo la bei, riba. Mtu anayesema hajui asilimia mara nyingi huzitumia kila siku bila kuziita hivyo, na kitabu cha aina hii humwonyesha hilo. Nimekiweka cha pili kwa sababu aghalabu hakifiki kwenye aljebra wala jometri, na atakayefanya mtihani atavihitaji. Kama lengo la mtu ni kumudu namba za nyumbani na kazini tu, basi kwake hiki ndicho cha kwanza.

Cha tatu ni vitabu vya kiada vya shule ya msingi, vya madarasa ya juu. Wengi huvionea haya, na picha za watoto zinaweza kumkera mtu mzima, lakini mtiririko wake mara nyingi ni mzuri kuliko wa vitabu vinavyouzwa kwa jina la watu wazima. Tatizo lake ni kwamba majibu huwa hayamo. Yako kwenye kiongozi cha mwalimu, kinachouzwa peke yake. Nunua vyote viwili. Kiongozi hicho pia hueleza makosa ya kawaida ya wanafunzi, na kwa mtu anayejisomea hayo ni maelezo ya thamani sana.

Kitabu kinene cha rejea kinachokusanya hesabu yote kati ya majalada mawili nakiweka cha nne. Kinafaa kutafutia kanuni uliyoisahau, ila mazoezi yake ni machache mno kumjenga mtu. Mitihani iliyopita na majibu yake inakuja ya tano, si kwa ubaya bali kwa wakati wake: inunuliwe sura zote zikishapitiwa. Ikinunuliwa mwanzoni, mtu mwenye hofu hupima tu asichokijua na kuiacha.

Vitabu vya mbinu za mkato sivishauri kabisa. Kwa 2/3 + 1/4 vitakwambia uzidishe kimshazari: 2 × 4 ni 8, 3 × 1 ni 3, jumla 11, na chini 3 × 4 ni 12. Jibu ni sahihi. Lakini jaribu 1/6 + 1/4 kwa mbinu hiyo hiyo: unapata 10/24, na aliyekariri bila kuelewa hajui kwamba bado anatakiwa kurahisisha hadi 5/12. Mpe sehemu tatu za kujumlisha na mbinu inamwishia mkononi.

Ukinunua kitabu kilichotumika, hakikisha kurasa za majibu hazijachanwa, kwa kuwa walimu wengine huzitoa makusudi ili wanafunzi wasinakili. Angalia pia kama nafasi za kujazia zimeshajazwa. Za penseli zinafutika. Zilizojazwa kwa kalamu ya wino zimeshaharibu zoezi, maana jicho litaona jibu kabla akili haijaanza kulitafuta.