Benki ilipotaka kununua mkopo wetu wa nyumba Mtwara: uzoefu wangu

Ofisa mikopo wa benki nyingine alinikuta kazini hapa Mtwara mjini, saa nane mchana, fomu mkononi. "Dada, wewe unalipa karibu laki nane kila mwezi. Sisi tunakununulia huo mkopo: tunalimaliza deni lako kule, unahamia kwetu, utalipa laki sita tu." Nilikaribia kusaini pale pale. Laki moja na themanini na kitu kila mwezi si hela ya kuachia.

Deni lililobaki lilikuwa milioni 40, riba asilimia 18 kwa mwaka kwenye salio linalopungua, na ilibaki miaka 8. Rejesho letu ni 788,929. Wao walitoa asilimia 15. Jioni mume wangu akauliza swali ambalo mimi sikuuliza: "Hiyo laki sita ni ya miaka mingapi?" Kumbe walikuwa wameturudisha kwenye miaka 12. Tulichukua kikokotoo cha simu tukazidisha. Laki sita na shilingi 351 mara miezi 144 ni kama milioni 86.5. Kwa mkopo wa zamani, 788,929 mara miezi 96, ni kama milioni 75.7. Riba imeshuka, rejesho limeshuka, lakini tungelipa karibu milioni 11 zaidi. Fomu yao ilikuwa na rejesho la mwezi kwa maandishi makubwa, na jumla ya malipo yote haikuwepo popote.

Nikarudi nikasema nataka asilimia 15 kwa miaka ile ile 8. Hapo rejesho likawa 717,817, tofauti ya shilingi 71,112 kwa mwezi. Hii ndiyo tofauti ya kweli, na nayo bado haijatolewa gharama.

Gharama zilijitokeza moja moja, na nyingine nililazimika kuziuliza. Benki yetu ya zamani ina faini ya asilimia 3 ya salio ukimaliza mkopo kabla ya muda, yaani 1,200,000. Iko kwenye mkataba ukurasa wa sita, na mimi niliusaini bila kuusoma. Benki mpya ilitaka ada ya kuandaa mkopo asilimia 1, na kodi ya ongezeko la thamani juu yake, 472,000. Mthamini wa nyumba 400,000, ingawa nyumba ilishathaminiwa wakati wa mkopo wa kwanza. Mwanasheria, kufuta rehani ya zamani na kusajili mpya, 530,000. Jumla 2,602,000. (Ridhaa ya mwenzi wa ndoa nayo huombwa upya, kwa hiyo mume wangu naye alitakiwa kusaini.)

Gawanya 2,602,000 kwa 71,112, unapata miezi kama 37. Hesabu hiyo ni ya haraka, na inaidhulumu kidogo benki mpya, kwa sababu riba ikiwa ndogo hata salio linashuka upesi zaidi. Baada ya miaka miwili tungebakiwa na deni la kama milioni 33.95, wakati kwa benki ya zamani lingekuwa milioni 34.59. Ukijumlisha na tofauti hiyo ya laki sita na arobaini, gharama zinarudi kwenye mwezi wa 27 hivi. Kwa anayebaki na mkopo miaka yote 8, kuhama kungemwachia milioni 4 na ushee. Angefaidika kweli.

Sisi si watu hao. Shamba la mikorosho la urithi Tandahimba linauzwa mirathi ikishagawanywa, na tulikuwa tumepanga kumaliza mkopo ndani ya miaka miwili. Kwa miezi 24 tungekuwa tumeokoa kama milioni 2.35 na kutumia 2.6. Nikamwuliza ofisa, "Na kwenu nikimaliza mapema?" Akafungua mkataba wao: faini ya asilimia 2 ndani ya miaka mitatu ya kwanza. Tungelipa faini mara mbili, ya kutoka kule na ya kutoka huku.

Nilichofanya ni kuchukua ile barua ya asilimia 15 na kwenda nayo benki yetu. Niliomba barua ya salio la kumaliza mkopo, ile inayoonyesha deni, riba ya siku na faini. Ombi hilo lilinipandisha hadi kwa meneja. Wiki tatu baadaye walishusha riba hadi 16.5, muda ule ule, kwa ada ya nyongeza ya mkataba 150,000. Rejesho limekuwa 752,959. Ada imerudi ndani ya miezi mitano.

Faini ya asilimia 3 walikataa kuigusa. Nilipowabana sana walikubali jambo moja, na nikataka liandikwe: tukilipa sehemu ya deni bila kulifunga, faini haihesabiwi. Kwa hiyo hela ya shamba ikija tutaipeleka kwa mafungu.

Huduma ya kununua mkopo naipa nyota mbili kati ya tano. Nyota moja ni ya riba, nyingine ni kwa sababu yule kijana alipoulizwa hakudanganya.