Betri mbili za sola: mfululizo au sambamba?

Chukua betri mbili za volti 12, kila moja ampea-saa 100. Ukiziunga kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, unapata volti 24, ila ampea-saa zinabaki 100. Ukiziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti zinabaki 12 na ampea-saa zinafika 200. Zidisha: kote ni wati-saa 2,400.

Tofauti iko kwenye waya. Mzigo wa wati 960 huvuta ampea 80 kwa volti 12, lakini 40 tu kwa volti 24, na umeme unaopotea kama joto kwenye waya uleule hushuka hadi robo. Mimi huchagua mfululizo, mradi inveta iwe ya volti 24 na betri ziwe za umri mmoja, kwani iliyochakaa huisha kwanza.