Tanuru sina neno nalo, vifuniko ndivyo vilivyonitesa

Nimelitumia tanuru hili dogo la umeme miezi minne kupima mkaa wa kuni, pamoja na vikombe vya kauri vilivyokuja nalo. Natoa nyota 3 kati ya 5.

Joto linapanda vizuri na linatulia pale unapolipanga, iwe 750 au 950. Unyevu napima katika oveni ya kawaida: gramu 1 ya mkaa uliosagwa, nyuzi 105, saa 2. Hapo hakuna cha kusimulia, ila kikombe kipoe ndani ya chombo kilichofungwa chenye silika jeli, maana mkaa mkavu hunywa unyevu wa hewani huku unautazama kwenye mizani.

Shida ilikuja kwenye vitu tete, yaani moshi na gesi zinazotoka mkaa ukipashwa moto bila hewa. Kikombe kinafunikwa, kinakaa dakika 2 mdomoni mwa tanuru mlango ukiwa wazi, dakika 3 kwenye ukingo wa ndani, kisha dakika 6 nyuma kabisa kwa nyuzi 950, mlango umefungwa. Ukikiingiza moja kwa moja, gesi hutoka kwa kishindo na kurusha chembe za mkaa nje.

Sampuli yangu ilibaki gramu 0.938 baada ya kukauka, kwa hiyo unyevu ulikuwa asilimia 6.2. Baada ya nyuzi 950 ikabaki 0.690: vitu tete 24.8. Niliichoma bila kifuniko kwa nyuzi 750, saa 6, hadi uzito ukaacha kupungua, majivu 3.4. Kaboni thabiti haipimwi, ni kile kinachobaki ukitoa hayo matatu kutoka 100, na mimi nikabaki na 65.6. Kwa mkaa ule ni ndogo, nilishangaa.

Nikarudia, safari hii nikafunua kikombe kabla ya hatua ya majivu. Juu ya mkaa kulikuwa na utando mweupe. Hayo ni majivu, na majivu hayatokei pasipo hewa! Kifuniko kilikuwa kinacheza, hewa inapenya, kaboni inaungua, nami naiandika kama vitu tete.

Nikanunua vifuniko kwingine. Kabla ya kuvitumia navibonyeza ukingoni kwa kidole, kikitikisika nakiacha. Mkaa uleule sasa ulibaki gramu 0.742, vitu tete 19.6, kaboni thabiti 70.8. Majivu yalibaki 3.4 vilevile, kwa kuwa kaboni ikiungua mapema au mwishoni, majivu yake hayaendi popote. Ndiyo maana kuangalia majivu peke yake kusingenionyesha kosa.

Muuzaji nilimweleza, akajibu kwamba vifuniko "vinatofautiana kidogo". Ukinunua, nunua tanuru tupu bila vikombe. Pia agiza koleo refu, lililokuja nalo ni fupi mno kwa kufikia nyuma ya tanuru la nyuzi 950.