Visikizi vya Kununua Ukitaka Kujipangia Vidhibiti

Kabla ya kulinganisha bei za visikizi visivyo na waya, hesabu kazi utakazovipa vidole vyako: kucheza na kusimamisha, kwenda wimbo unaofuata, kurudi uliopita, kupandisha sauti, kuishusha, na kumwita msaidizi wa sauti. Inayokosa nafasi mara nyingi ni sauti, kwa kuwa peke yake inadai nafasi mbili, na hicho ndicho kigezo nilichotumia kuvipanga hivi vinne.

Nafasi ya kwanza naipa Soundcore Space A40, ambayo programu yake hukuruhusu kupanga kila sikio peke yake: kugonga mara moja, kugonga mara mbili na kushikilia kwa sekunde 2, yaani nafasi sita. Mpango ninaoupendekeza ni kuipa sauti kugonga mara moja, kushoto kushusha na kulia kupandisha. Mara mbili kushoto iwe kusimamisha, mara mbili kulia iwe wimbo unaofuata. Kushikilia kulia kumwite msaidizi, na kushoto kubadilishe uzuiaji wa kelele. Wimbo uliopita utaurudisha kwa simu. Sababu ya kuipa sauti kugonga mara moja ni kwamba kidole hugusa kisikizi kila unapokirekebisha sikioni au unapotengeneza mtandio, na ni afadhali sauti ipande kidogo kuliko wimbo kukatika.

Cha pili, kwa mwenye iPhone, ni AirPods Pro 2. Sauti hupandishwa kwa kutelezesha kidole kwenye shina la kisikizi, hivyo haili nafasi ya kitu kingine, na kwa kuwa amri nyingine hutolewa kwa kulibana shina, kukirekebisha kisikizi hakusimamishi wimbo. Uhuru wa kupanga, hata hivyo, ni mdogo: unachochagua kwa kila sikio ni kazi ya kubana na kushikilia tu, kumwita msaidizi Siri au kubadilisha uzuiaji wa kelele.

Galaxy Buds2 huja ya tatu, kwa sababu kinachopangika ni kushikilia, na ukiipa sauti kushikilia huko, masikio yote mawili hutumika, kisha msaidizi na uzuiaji wa kelele hukosa mahali. Sony WF-1000XM4 naiweka mwisho, ingawa ni bora kwa mengine: kila upande hupewa fungu zima la kazi, kama uchezaji au sauti, wala huwezi kubadilisha kazi moja moja ndani ya fungu.

Visikizi visivyo na programu wala mipangilio yake ndani ya simu kwa kawaida huwezi kuvipanga, hata sanduku likisema vina vidhibiti vya mguso. Dukani, omba kuvijaribu: badilisha kazi moja kwa programu, kisha viunganishe na simu nyingine isiyo na programu hiyo. Badiliko likibaki, mpangilio umehifadhiwa ndani ya visikizi vyenyewe, na utaukuta hata ukivitumia na kompyuta.